Mwaka Usiongoja Jua

Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka mpya huja Julai. Kibanda cha makuti hujengwa uwanjani, mtu akaingia ndani, kibanda kikatiwa moto, na aliye ndani akachomoka kabla hakijaporomoka. Wakati huo wazee wanautazama moshi, unakoelekea. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vipande vya migomba hadi jasho na hasira za mwaka mzima ziwaishe, huku wanawake wakizunguka kwa nyimbo, nyingine za kuumbuana waziwazi. Kisha watu huoga, na ndiyo maana ya jina lenyewe: Mwaka Kogwa.

Wageni wengi huutazama moto. Mimi naona cha kutazamwa zaidi ni tarehe.

Mwaka huu wa Makunduchi unaitwa pia Nairuzi, neno lililotoka kwa Waajemi. Lakini Nauruzi ya Iran huangukia Machi, usiku na mchana vinapolingana. Ndugu wawili wa jina moja wametenganaje kwa miezi minne?

Jibu limo katika robo ya siku. Jua hukamilisha mzunguko wake kwa siku 365 na takriban saa sita. Kalenda ya kawaida huzikusanya saa hizo na kuongeza siku moja Februari kila mwaka wa nne. Mwaka wa Nairuzi hauongezi kitu. Una miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za nyongeza, basi, unaanza upya. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne unaitangulia kalenda ya ofisini kwa siku moja. Aliyezaliwa siku ya Mwaka akiishi miaka 80 ataiona imerudi nyuma kama siku 20. Ukihesabu kinyumenyume, katikati ya karne ya 19 siku hii ilikuwa mwishoni mwa Agosti.

Waajemi nao waliwahi kuhesabu hivyohivyo. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, waliifunga Nauruzi kwenye majira ya Machi isitoroke tena. Waliobaki na hesabu ya zamani walikuwa wengine: Waparsi wa India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, ambao kundi lao moja, Wakadimi, bado hufungua mwaka katikati ya Julai. Waislamu wa Makunduchi na Wazoroasta wa Bombay hawasali pamoja wala hawajuani, lakini mwaka wao unakaribia kuanza wiki moja.

Hapo wengi hurukia kusema: basi huu ni ushahidi kwamba Washirazi walikuja na kalenda yao. Pole pole. Nairuzi ilikuwa pia kalenda ya bahari. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Oman wa karne ya 15, aliandika nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi: siku ya kadha wa kadha ng'oa nanga, baada ya siku ya kadha usithubutu. Kalenda inaweza kushuka bandarini pamoja na mabaharia bila ukoo wowote kuhama. Tarehe inatuambia pwani hii ilihesabu siku pamoja na nani. Haituambii babu wa nani alizaliwa wapi.

Wapo pia wanaoieleza Mwaka Kogwa kuwa sherehe ya mavuno. Siafiki. Zama za Ibn Majid Nairuzi ilianguka Novemba, kaskazi inapokaribia; leo iko katikati ya kusi. Siku inayopita polepole katika misimu yote haiwezi kuwa mtumwa wa mmoja. Ramadhani hupita pia, lakini mbiombio, siku kama 11 kila mwaka, kila mtu anaona. Mwendo wa Nairuzi hauonekani kwa macho ya kizazi kimoja, hivyo kila kizazi huamini ndipo ilipokuwa siku zote, na huipa maana ya msimu kilioukuta.

Paul Connerton, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu namna jamii zinavyokumbuka, alisema kumbukumbu hukaa zaidi katika mwili unaorudia tendo kuliko katika maelezo. Makunduchi kuna zaidi ya mwili: hesabu yenyewe inakumbuka, hata aliyeishika asipojua chanzo chake.

Siku hizi viongozi hualikwa, watalii hukata tiketi za ndege mapema, na waandaaji wa safari hupenda tarehe isiyohama. Kupima ni rahisi. Andika tarehe ya mwaka huu ukutani, uitazame tena baada ya miaka 20. Ikiwa imerudi nyuma siku tano, bado kuna mtu anayehesabu miongo.