Kofia ya gego: uliza kwanza jino litachongwa kiasi gani

Gego lililotibiwa mzizi, au lililooza likabaki na kuta nyembamba, daktari wa meno hulivika kofia ili lisipasuke tunapotafuna. Wagonjwa wengi huulizia rangi na bei. Mimi nasema waanze na kuchongwa, maana jino likishachongwa halioti tena.

Kofia hukaa mahali palipopunguzwa jino, hivyo unene wake ndio huamua kiasi cha kuchonga. Metali tupu haivunjiki hata ikiwa nyembamba, kwa hiyo upande wa kutafunia hupunguzwa milimita 1 hadi 1.5. Zirkonia ya kipande kimoja huhitaji karibu kiasi hicho hicho. Kauri tupu hutaka milimita 1.5 hadi 2, na metali iliyofunikwa kauri hufika 2, kwa kuwa hapo kuna tabaka mbili. Ukitaka kuona milimita 1.5, pandanisha kadi mbili za benki.

Chukua mfano wa mama anayesaga meno usiku. Gego lake la chini limelika, na urefu uliobaki ni milimita 5. Kuta za gego zikipungua chini ya milimita 4, kofia hukosa pa kushikilia na hubanduka kwa urahisi. Akichagua metali yenye kauri, atabakiwa na milimita 3. Kwa zirkonia au metali tupu, akichongwa milimita 1, zitabaki 4.

Nguvu nayo inaelekea huko huko. Kauri ina asili ya kioo: chini ya meno yanayosagana, kipande chake huweza kumeguka, na ulimi ndio huanza kuhisi ncha kali. Zirkonia ni imara kuliko kauri nyingine za meno, na metali haipasuki. Ila zirkonia iliyopunguzwa kidogo mdomoni isipong'arishwa tena hubaki na mkwaruzo, ikalisaga jino linalokutana nayo.

Kwa sura, kauri hushinda, kwa sababu hupitisha mwanga kama jino lenyewe. Zirkonia imara zaidi ni nyeupe, lakini imefifia kidogo. Metali yenye kauri hupendeza mwanzoni. Ufizi ukirudi nyuma, mstari wa kijivu huweza kujitokeza ukingoni. Metali tupu haijifichi, ingawa gego la nyuma kabisa la juu ni nadra kuonekana hata ukicheka.

Kwa gego fupi la mtu anayesaga meno, basi, chaguo ni zirkonia ya kipande kimoja au metali tupu. Kauri iachiwe jino refu linaloonekana. Kabla mashine haijawashwa, muulize daktari wako: utachonga milimita ngapi, na zitabaki ngapi?