Ukibadili Mpangilio wa Maswali, Majibu Nayo Hubadilika

Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot aliandika makala kuhusu utoaji mimba, na ndani yake akachomeka mfano wa tramu isiyoweza kusimama. Mbele ya dereva kuna wafanyakazi watano relini. Akiielekeza njia ya pembeni, itamgonga mmoja. Foot hakukaa sana kwenye mfano huo. Aliyeukuza ni Mmarekani Judith Jarvis Thomson, na leo haukosekani katika darasa la maadili.

Somo lenyewe huenda hivi. Mwalimu anauliza: wewe ni mpita njia, umesimama kando ya swichi ya reli, utaivuta? Wengi hunyoosha mikono, kwani heri afe mmoja kuliko watano. Kisha anawapandisha darajani. Safari hii njia pekee ya kuisimamisha tramu ni kumsukuma mtu mnene aangukie relini. Hesabu ni ileile, lakini mikono mingi hushuka.

Kwa nini? Mwanafunzi akijibu kwamba kumshika mtu na kumsukuma ni kosa, mwalimu anamwondoa hapo: mtu yule amesimama juu ya mlango wa sakafuni, nawe unabonyeza kitufe tu. Akisema ni vibaya kumtumia mtu kama kizuizi, anapewa reli ya Thomson inayozunguka: njia ya pembeni inarudi hadi kwa wale watano, na bila mwili wa yule mmoja tramu itawafikia. Anayekubali kuvuta swichi hapo amekubali kumtumia mtu, hata kama hakumgusa.

Mtego uko kwenye mpangilio wa maswali. Mwaka 2012 Eric Schwitzgebel na Fiery Cushman walichapisha utafiti uliowahusisha pia wanafalsafa wa kazi. Walioanza na kisa cha kusukuma walielekea zaidi kuviona visa viwili kuwa sawa kuliko walioanza na swichi, na usomi haukuwakinga. Basi mwalimu anayeanza na swichi kila mwaka huenda anapima mpangilio wake mwenyewe, akidhani anapima dhamiri za wanafunzi.

Dawa yake ni rahisi. Darasa ligawanywe mara mbili: nusu waanze na swichi, nusu na daraja. Wajibu kwenye karatasi bila majina kabla ya mjadala, kwa sababu mikono hufuatana. Kisha majibu ya swichi ya makundi yote mawili yaandikwe ubaoni. Yakitofautiana sana, hapo ndipo pa kuanzia mjadala.

Hata hivyo, jibu la karatasini halitabiri tendo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwaweka watu mbele ya panya halisi: waache watano wapigwe shoti ya umeme, au wabonyeze kitufe apigwe mmoja. Shoti yenyewe haikutolewa, ila wahusika hawakujua. Asilimia 84 walibonyeza, ilhali kati ya walioulizwa kwa maneno tu ni asilimia 66 waliosema wangebonyeza.