"Sikujua ni ya Wizi"

Tuseme kijana mmoja jijini Nairobi amenunua simu kwenye kituo cha matatu, saa tatu usiku. Dukani simu hiyo ni shilingi 40,000. Yeye kauziwa 6,000. Haina chaja wala risiti, na muuzaji hakuweza kuifungua kwa sababu hajui nywila yake. Siku tano baadaye, polisi wanabisha hodi. Kijana anasema hakuiba, alinunua tu.

Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakimtaki awe mwizi. Kinamhusu anayepokea mali ya wizi, au kukaa nayo kwa nia isiyo safi, huku akijua imeibwa au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Adhabu inaweza kufika miaka 14 gerezani.

Lakini aliyokuwa nayo moyoni nani ayaone? Hakimu huyasoma kwenye mazingira ya ununuzi. Bei ya kutupa peke yake haitoshi, kwani mtu mwenye shida huweza kuuza kwa hasara. Ila bei hiyo ikiungana na saa ya usiku, muuzaji asiyejulikana na simu asiyoweza kuifungua, kila jambo huongeza uzito wa jingine. Mnunuzi akiwa fundi wa simu, ni vigumu zaidi kusema hakushtuka.

Kuna pia suala la muda. Mtu akikutwa na kitu kilichoibwa karibuni, mahakama inaweza kukisia kwamba ndiye mwizi au mpokeaji, asipokuwa na maelezo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza yanayopaswa kuthibitishwa kwanza: kitu kilikutwa kwa mshtakiwa, ni cha mlalamikaji, kiliibwa kwake, na kiliibwa karibuni. Karibuni hutegemea aina ya mali. Simu hubadilisha mikono kwa siku chache, kwa hiyo miezi kadhaa inaweza kuwa mingi mno.

Kesi nyingi huweza kuvunjikia kwenye utambuzi. Mlalamikaji akisema tu "ni yangu, ni nyeusi," hajasema kitu. Simu nyeusi ni nyingi. Risiti au boksi lenye nambari ya IMEI inayolingana na ile inayotokea ukibonyeza *#06# ndiyo humaliza ubishi.

Baada ya hapo kijana anatarajiwa kueleza. Hapaswi kuthibitisha kwamba hana hatia, na naona hili lisisitizwe, kwa kuwa wengi huamini kinyume. Maelezo yake yakiwa yanaweza kuwa kweli, shaka inabaki na anaachiliwa. Akimtaja muuzaji na kutoa nambari ya aliyemtumia pesa kwa M-Pesa, polisi wasipofuatilia, kesi ya mashtaka inadhoofika. Akibadilisha hadithi mara mbili, inaimarika.

Hata akiachiliwa, simu haimbakii: mahakama inaweza kuamuru irudishwe kwa mwenyewe, na zile 6,000 atamdai muuzaji, akimpata.