Unatumia warfarini? Usibadili mboga wala dawa kimyakimya

Mama mmoja wa miaka 38 kutoka kijiji cha ufukweni, upande wa Mbamba Bay, aliletwa kwetu akitoka damu kwenye fizi. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Miaka miwili kabla aliwekewa vali ya chuma kwenye moyo, na tangu hapo anameza warfarini miligramu 5 kila jioni.

Kwenye kadi yake kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kilitakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Miezi yote kilikuwa karibu na 2.8. Siku hiyo kilisoma 8.

"Mama, umezidisha vidonge?" nilimuuliza.

"Hapana, daktari. Niliharisha tu, nikanunua flajili dukani. Nimemeza siku tano."

"Na chakula?"

"Uji mtupu. Mboga zilinishinda."

Majibu yake yalieleza yote. Watu huita warfarini dawa ya kulainisha damu, lakini damu haiwi nyepesi. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu, na warfarini huizuia kazi hiyo. Flajili huzuia ini kuivunja warfarini, hivyo ikarundikana mwilini. Kuacha mboga kukapunguza vitamini K. Dozi ilibaki ileile, ila nguvu yake ikapanda.

Tulisimamisha warfarini kwa muda, tukampa dozi ndogo ya vitamini K na kumpima tena kila siku hadi kipimo kiliporudi mahali pake. Hatukumpa nyingi, kwa kuwa damu ikiganda kupita kiasi vali ya chuma inaweza kuziba.

Mboga. Usiache kisamvu, matembele, mchicha wala majani ya maboga. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Shida huja masika, mboga zinapojaa shambani na mtu akala bakuli mbili kwa siku: dawa hupungua nguvu. Kiangazi akihamia ugali na usipa peke yake, dawa huzidi nguvu. Kama unajua chakula chako hubadilika na msimu, au umeumwa na huli, pima INR mapema badala ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Ukisahau dozi. Meza jioni, saa ileile, kisha weka alama kwenye kalenda. Ukikumbuka kabla ya siku kuisha, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita na umeze ya siku hiyo tu. Usimeze mbili kwa pamoja. Warfarini huchukua siku mbili hadi tatu kuonyesha kazi yake, kwa hiyo kosa la leo utaliona keshokutwa. Ukikosa siku mbili mfululizo, au vidonge vikikaribia kuisha, wapigie simu kliniki. Na ukipewa vidonge vipya, soma miligramu kwenye pakiti, usitegemee rangi.

Dawa nyingine. Flajili na septrini hupandisha INR. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha sana. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchubua tumbo na kuleta damu hata INR ikiwa sawa, kwa hiyo usizimeze bila agizo la daktari wako. Kwa maumivu madogo ya siku chache, parasetamo kwa dozi ya kawaida ndiyo salama zaidi. Dawa za mitishamba nazo zitaje, na katae sindano ya misuli mpaka aliyekuandikia ajue unatumia warfarini. Hii haimaanishi usitibiwe: anayekuandikia antibayotiki akijua, atapunguza dozi ikibidi na kukupima INR ndani ya siku tatu hadi tano. Mwanamke anayetaka kushika mimba, au aliyekosa hedhi, amwone daktari mara moja, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe.

Dalili za kukimbilia hospitali. Damu ya pua isiyokoma baada ya kubana dakika kumi, mkojo mwekundu au wa kahawia, choo cheusi kama lami, hedhi inayozidi kawaida, michubuko isiyo na sababu. Kichwa kikiuma ghafla na vikali, au ukigonga kichwa kwa kuanguka mtumbwini au kwenye bodaboda, nenda hata kama hujisikii vibaya, maana damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, nenda saa hiyohiyo.

Mama yule sasa huifunga kadi yake kwenye nailoni pamoja na kadi ya bima. Akiingia duka la dawa huiweka mezani kwanza, ndipo anasema anaumwa nini.