Mteja Kalipa, Duka Linasema Hajalipa

Mteja wa duka la mtandaoni nchini Kenya anachagua kulipa kwa M-Pesa. Ombi linatokea kwenye simu, anaingiza namba ya siri, na mara ujumbe unamfikia kwamba amekatwa shilingi 2,400. Dukani, oda namba 4817 bado inasomeka "haijalipwa". Fedha zimefika, habari ndiyo haikufika.

Duka halioni muamala wenyewe. Husubiri seva ya mfumo wa malipo itume taarifa kwa seva yake, taarifa ambayo mafundi huiita webhuku. Cheti cha usalama cha tovuti kikiisha muda, anwani ya kupokelea ikibadilishwa, au seva ikizimika dakika hiyo, taarifa hupotea. Stripe hurudia kuituma kwa hadi siku 3, lakini si kila mfumo una subira hiyo.

Haraka huzidisha hasara. Mteja akiambiwa alipe upya, atakatwa mara mbili. Picha ya ujumbe wa malipo huweza kughushiwa. Na oda zote za siku hiyo zikigeuzwa kuwa "imelipwa" kwa mkupuo, walioghairi nao watapelekewa mzigo.

Njia salama ni kuuliza mfumo wa malipo wenyewe. Kila ombi la aina hii la M-Pesa hupewa utambulisho uitwao `CheckoutRequestID`, na duka linapaswa kuuhifadhi pamoja na oda mara tu linapoupokea. Ukiuliza kwa utambulisho huo, jibu huja na `ResultCode`: 0 maana yake malipo yamekamilika, 1032 mteja ameghairi. Ukiambiwa muamala bado unashughulikiwa, usihesabu kwamba umeshindikana. Ngoja, kisha uulize tena. Jibu hilo halitoi namba ya risiti, kwa hiyo itafute kwenye taarifa ya akaunti ya biashara na ulinganishe kiasi.

Ndipo oda irekebishwe, kwa sharti:

```sql
UPDATE oda
SET hali = 'imelipwa', risiti = :risiti
WHERE id = 4817 AND hali = 'haijalipwa';
```

Mstari wa mwisho ndio kinga. Hifadhidata ikijibu kwamba imebadilisha safu 1, mzigo utolewe. Ikisema 0, huenda taarifa iliyochelewa imewahi kuingia na mzigo umekwisha kutoka, basi usitoe mwingine kabla ya kukagua. Safu ya risiti nayo iwekewe katazo la kujirudia, ili malipo mamoja yasifungue oda mbili.

Kazi hii isingoje malalamiko. Kila baada ya dakika chache, programu itafute oda zilizokawia na kuziulizia zenyewe, na kila jioni hesabu ya duka ilinganishwe na taarifa ya akaunti. Mwenye duka, muulize fundi wako leo: taarifa isipofika, nani anauliza?