Mkono Upi Unasema Kweli?

Tuseme binti wa miaka 24 anafika zahanati, kichwa kinamuuma na mkono wa kushoto unachoka upesi anapofua. Muuguzi anampima presha mkono huohuo: 88 kwa 60. Anaambiwa presha imeshuka, aongeze maji na chumvi. Laiti angepimwa mkono wa kulia, mashine ingesoma 164 kwa 98.

Kweli iko kulia. Mshipa unaopeleka damu mkono wa kushoto, ule upitao nyuma ya mtulinga, umebana mno, na ukimshika kifundoni husikii mapigo. Presha yenyewe iko juu, pengine kwa sababu mshipa wa figo nao umebana, na chumvi ile itazidi kuipandisha.

Huu ni ugonjwa wa Takayasu. Kinga ya mwili hushambulia aota, mshipa mkuu utokao moyoni, pamoja na matawi yake. Kuta huvimba, zikawa nene na kuziba njia ya damu. Wengi wanaougua ni wanawake walio chini ya miaka 40. Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani, alieleza mwaka 1908 mishipa ya ajabu ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21. Wenzake wawili ndio walioongeza kwamba wagonjwa wao wa namna hiyo walikosa mapigo mkononi.

Mwanzoni kuna homa, uchovu na kukonda tu, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni kifua kikuu. Tofauti ndogo ya presha kati ya mikono si ajabu, ila namba ya juu ikitofautiana kwa 20 au zaidi, na ikarudia hivyo, mishipa ipigwe picha. Mikono yote miwili ikiwa imebana, hupimwa mguu.

Tiba huanza na prednisoloni, mara nyingi miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha hupunguzwa polepole. Ikipunguzwa, ugonjwa huwa na tabia ya kurudi, ndiyo maana huongezwa dawa nyingine ya kutuliza kinga, kama methotreksati. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Pia huharibu mimba, kwa hiyo anayetaka mtoto huhamishiwa mapema dawa kama azathioprini. Kifua kikuu nacho hutafutwa kabla, maana kinga ikishatulizwa kilicholala huamka.

Vipimo vya damu vinaweza kutoka safi huku mshipa ukiendelea kubana, kwa hiyo kila kliniki binti huyu apimwe mikono yote miwili, na presha yake ifuatwe kwa wa kulia. Kuuzibua mshipa kwa puto au upasuaji, kama hakuna dharura, husubiri uvimbe utulie. Ukizibuliwa ungali na moto, ni rahisi kuziba tena.