Watu Saba, Sinia Moja

Ukitaka kuwaketisha watu saba mkekani katika hadithi, usiwapange wote ndani ya aya moja. Msomaji hashiki orodha. Waingize wawili wawili, na kila mmoja umfunge kwenye kitu kisichohama: Bibi ameegemea ukuta, Baba Mkubwa yuko mlangoni, Shangazi kakaa upande wa beseni la kunawia.

Halafu kila mtu apewe kinyongo kimoja tu, nacho kipitie kwenye chakula. Tuseme Baba Mkubwa aliuza shamba la minazi bila kumshauri dada yake. Shangazi hatalitaja shamba. Ataonja mchuzi:

"Siku hizi na sisi tunakula nazi za kununua."

Mlangoni, mtu anaacha kutafuna.

"Kula, mwanangu." Kipande cha nguru kinasogezwa kutoka ukutani.

Hakuna jina lililotajwa, na bado kila sauti ina mwenyewe.

Maongezi yakirefuka, mimi sivuki mistari minne bila mtu kuomba ndimu au kuinuka. Anayeinuka lazima tumwone anarudi wapi: Shangazi akirudi kuketi ubavuni kwa Bibi, ugomvi umeshapata upande. Wala usimsahau aliyenyamaza. Mkwe anayechambua miiba muda mrefu kupita kiasi anasikika vizuri tu.

Rasimu ikiisha, futa majina yote, mpe mwenzio asome. Akimkosea msemaji, usikimbilie kurudisha jina. Iandike upya kauli yenyewe, maana hapo watu wawili wanatumia mdomo mmoja.